Soketi kuu ya simu ni nini, na kwa nini intaneti inakuwa slo ukihamia nyumba nyingine

Hii inawahusu walioko Uingereza wanaotumia intaneti ya waya wa simu wa kopa, fiba ya mpaka ndani haina shida hii. Ukihamia nyumba ya zamani kule unakuta soketi za simu karibu kila chumba, unachomeka ruta kwenye ile iliyo jirani na meza yako, spidi inakuja nusu ya uliyoahidiwa, unapiga simu kampuni wanakwambia laini iko poa. Na mara nyingi ni kweli iko poa, tatizo limeanzia ndani ya nyumba.

Soketi zile hazilingani. Soketi kuu ni ile inayopokea waya kutoka nje, aghalabu iko karibu na mlango wa mbele, na nyingi zina kava lililokatwa vipande viwili, cha juu na cha chini. Nyingine zote ni matawi yaliyovutwa kutoka hapo, pengine na mwenye nyumba wa zamani, kwa waya wa bei rahisi uliozunguka ukuta mzima mpaka ghorofani. Sauti ya simu inapita humo bila taabu, lakini intaneti inatumia masafa ya juu sana ambayo yanafifia haraka kadiri waya unavyorefuka. Halafu kuna waya wa kengele, ule wa namba 3, uliowekwa enzi za simu za kengele za kupigapiga, huo unadaka kelele za umeme za nyumba nzima kama antena. Na ujue matawi yanaharibu hata kama ruta iko kwenye soketi kuu, maana bado yameungwa.

Kupima ni rahisi. Fungua skrubu mbili za kipande cha chini, kivute taratibu, kitatoka na nyaya za matawi nyuma yake, na ndani utaona soketi nyingine ya majaribio. Hapo matawi yote yamekatika. Chomeka filta, kile kidude kinachotenga simu na intaneti, halafu ruta humo, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie spidi ya laini yenyewe, usipime kwa waifai maana waifai ina matatizo yake. Tuseme ghorofani ilikuwa megabiti 6 na hapa inasoma 15, basi umempata mchawi. Ikibaki 6 ileile, sasa wasumbue kampuni, pengine tatizo liko upande wao.

Dawa ya kudumu, acha ruta pale pale kwenye soketi kuu, uvute kebo ya netiweki mpaka chumbani, hiyo haipotezi kitu kwa urefu wa nyumba. Kama simu yako bado inapita kwenye waya huu na unataka simu za vyumbani ziendelee, funga kava lenye filta ndani yake, linatenga intaneti kabla haijafika kwenye matawi. Kipande cha juu na waya wa nje usiguse, ni mali ya mtandao. Na ukishahamisha ruta usiizime na kuiwasha hovyo, mitambo yao inaweza kudhani laini inayumba ikakupunguzia spidi, iache siku kadhaa ipande yenyewe.