Kukodi depo ya mahindi Lubumbashi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Kodi ya depo ni fedha inayopotea, anayejenga yake ndiye anayebaki na mali.

Jengo hubaki, lakini gharama yake haipungui linapokuwa tupu, na mahindi ya Lubumbashi hayakai deponi kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Mavuno mapya huanza kuingia kuanzia Aprili, ya kwetu na ya Zambia yanayopitia Kasumbalesa, depo hujaa wakati wa kiangazi, na ifikapo Januari wauzaji wengi wamebaki na magunia machache.

Tuchukue mfano, kwa bei za kukadiria, wa muuzaji anayehifadhi tani 200 kwa miezi minne, tani 100 kwa miezi minne inayofuata, na tani 25 kwa miezi minne ya mwisho. Magunia ya tani 200, yakipangwa hadi mita tatu na kuachiwa njia za kupita, yanahitaji takriban mita za mraba 150. Tuseme ujenzi na uzio vinagharimu dola 45,000. Kwa miaka 20 hiyo ni dola 2,250 kwa mwaka. Fedha hiyohiyo ingezungushwa kwenye mahindi na kuleta faida ya asilimia 15 ingeingiza dola 6,750, na hii ndiyo gharama ambayo wengi husahau kuiandika. Walinzi, matengenezo, dawa na ushuru tuviweke dola 5,000. Jumla ni dola 14,000 kila mwaka, depo iwe imejaa au haina kitu.

Katika depo ya pamoja, ambamo wateja wengi huweka mizigo na kila mmoja hulipia kiasi alichoweka, tuseme tani moja hulipiwa dola 7 kwa mwezi. Muuzaji wetu atalipa dola 9,100 kwa mwaka. Ili kujenga kumfae, angehitaji kuwa na wastani wa tani 167 ndani kila mwezi, yaani depo ijae zaidi ya asilimia 80 mwaka mzima. Mwaka 2024 Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, aliyetegemea mahindi ya huko na kukodi kwa tani aliweza kupunguza gharama pamoja na mzigo. Mwenye jengo hakuwa na njia hiyo.

Dhana: Depo ya mkataba ni ileile ya pamoja, ila unalipa kwa muda mrefu.

Tofauti ni nani anabeba hasara ya nafasi tupu. Kwa mkataba, ambao kwa kawaida ni wa mwaka mmoja au zaidi, nafasi ni yako peke yako na huduma hupangwa kwa mahitaji yako, lakini unalipa hata usipoweka gunia. Tuseme bei yake ni dola 5 kwa nafasi ya tani moja kila mwezi, yaani dola 60 kwa mwaka. Nafasi inayotumika chini ya miezi minane na nusu ni nafuu zaidi kuilipia kwenye depo ya pamoja; inayotumika zaidi ya hapo inastahili mkataba. Kwa hiyo muuzaji wetu angefunga mkataba wa tani 25 tu ambazo hazitoki kamwe, na ziada aipeleke kwenye depo ya pamoja, jumla dola 8,500. Ni kweli kwamba wenye depo wengine hukataa mkataba mdogo hivyo, na hapo hesabu ya depo ya pamoja pekee ndiyo inayobaki.

Dhana: Mzigo ukiharibika, mwenye depo atalipa.

Anawajibika kwa uzembe wake, si kwa unyevu ulioletwa na lori. Mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13 hivi huanza kupata joto na ukungu ndani ya gunia. Kwa hiyo siku ya kupokea, mzigo upimwe uzito, sampuli zichomwe kutoka magunia mbalimbali, kipimo cha unyevu kisomwe mbele ya pande zote mbili, na namba zote ziandikwe kwenye stakabadhi. Bima ya moto na wizi mara nyingi ni juu ya mwenye mzigo, na kifungu hicho kisomwe kabla ya kusaini.

Depo ya pamoja ina udhaifu wake wa kweli: fukusi wa jirani huhamia kwako. Kagua sakafu chini ya magunia ya wengine. Ukiona vumbi jeupe la unga na punje zenye matundu ya mviringo, usiweke. Uliza pia kama magunia hukaa juu ya paleti na mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, kwa sababu bila nafasi hiyo haiwezekani kufunika rundo vizuri na turubai wakati wa kupiga dawa ya gesi.

Dhana: Basi kujenga hakufai kamwe.

Kunamfaa mwenye kinu anayesaga unga wa bukari kila siku, kwa kuwa akiba yake haishuki sana na kubeba magunia kutoka depo ya mbali humla faida. Hata huyo atangulize hati ya kiwanja: kwa sheria ya 1973 ardhi ni mali ya Taifa, na anachopata mwananchi ni haki ya kuitumia, inayothibitishwa na cheti cha usajili. Karatasi ya mauzo iliyosainiwa na majirani haitoshi kumwekea mtu jengo la dola 45,000 juu yake.