Rivasi chaji: kwa nini mnunuzi ajitoze VAT ya huduma iliyotoka nje

Chukua kampuni ya mikopo ya Mwanza, iliyosajiliwa kwa VAT, inayokodi mfumo wa kompyuta wa kutunza akaunti za wateja kutoka kampuni ya India. Ankara inafika kwa barua pepe. Ikibadilishwa kuwa shilingi ni milioni 100, na hakuna mstari wowote wa VAT. Muuzaji hajakosea. Hana ofisi Tanzania, hajasajiliwa TRA, na hana namba ya kuandika kwenye ankara hiyo hata angetaka. Mhasibu akilipa milioni 100 na kufunga jalada, yeye ndiye aliyekosea.

Sheria ya VAT ya Tanzania Bara, ile ya mwaka 2014 iliyoanza kutumika Julai 2015, inamtaka mnunuzi wa namna hii ajihesabie kodi ambayo kwa kawaida ingehesabiwa na muuzaji. Wahasibu huiita rivasi chaji, maana mzigo umegeuzwa: badala ya anayeuza kutoza na kupeleka serikalini, anayenunua ndiye anayejitoza. Katika ritani ya mwezi huo anaandika kodi ya milioni 18, yaani asilimia 18 ya milioni 100, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyejiuzia huduma.

Sababu inaonekana vizuri ukifikiria kontena la kompyuta. Likifika bandari ya Dar es Salaam, halitoki mpaka VAT ilipwe forodhani. Haijalishi aliyeziuza yuko Dubai au Guangzhou. Mzigo wenyewe umeshikiliwa na kodi inadaiwa mlangoni. Mfumo wa kompyuta, ushauri wa mwanasheria wa London au michoro ya mhandisi havipiti bandarini. Vinaingia kwa waya, na hakuna geti la kuvizuia. TRA haiwezi kumfuata muuzaji aliyeko Bangalore na kumkagua vitabu. Aliye ndani ya mipaka, mwenye namba ya mlipakodi na anayejaza ritani kila mwezi, ni mnunuzi. Na VAT ni kodi ya pale huduma inapotumika, si ya pale inapotengenezwa, kwa hiyo kumdai aliye hapa kunafuata mantiki ya kodi yenyewe. Umoja wa Ulaya nao una kanuni ya aina hii kwa huduma zinazonunuliwa na kampuni kutoka nchi nyingine.

Swali linalofuata huwatatiza hata watu wazoefu: mnunuzi akijitoza milioni 18 kisha akazidai hizo hizo kama kodi ya manunuzi, yaani VAT ya manunuzi ambayo mfanyabiashara huipunguza kwenye VAT ya mauzo yake, serikali imepata nini? Kwa kiwanda cha samani ambacho mauzo yake yote yanatozwa VAT, jibu ni sifuri. Kodi ya mauzo milioni 18, kodi ya manunuzi milioni 18, tofauti hakuna. Ni wino tu.

Sheria ya Tanzania imeliona hilo, na hapa ndipo inapovutia. Haimlazimishi kila mtu kufanya zoezi hilo la karatasi. Huduma kutoka nje huingia kwenye kodi pale tu ambapo mnunuzi, kama angetozwa VAT hiyo na muuzaji wa hapa, asingeweza kuidai walau asilimia 90. Kiwanda chetu cha samani kinapita pembeni. Wanaobaki kwenye wavu ni wale ambao sehemu kubwa ya mauzo yao imesamehewa kodi: benki, kampuni za mikopo, na wengine wanaochanganya mauzo yanayotozwa na yaliyosamehewa.

Kampuni ya Mwanza ni mmojawao. Riba yake imesamehewa VAT, lakini ada za kushughulikia mikopo zinatozwa. Tuseme riba ni asilimia 60 ya mapato na ada ni asilimia 40. Mfumo wa kompyuta unahudumia pande zote mbili, kwa hiyo kodi ya manunuzi inagawanywa kwa uwiano wa mauzo. Inajitoza milioni 18, inadai asilimia 40 ya hizo, yaani milioni 7.2, na inalipa milioni 10.8 taslimu. Gharama halisi ya mfumo ni milioni 110.8.

Sasa weka kando yake kampuni ya Dar es Salaam inayouza mfumo wa aina hiyo kwa milioni 100 na kuongeza VAT ya milioni 18. Kampuni ya mikopo italipa milioni 118, itadai milioni 7.2, na gharama itakuwa milioni 110.8 vilevile. Bila rivasi chaji, mfumo wa India ungegharimu milioni 100 kamili, na muuzaji wa Dar angekosa soko kwa milioni 10.8 ambazo hazihusiani kabisa na ubora wa kazi yake. Kuziba pengo hilo ndiyo kazi ya kanuni hii.

Uwiano huo nao una ncha mbili. Mauzo yanayotozwa yakizidi asilimia 90, mnunuzi anadai kodi yote. Yakishuka chini ya asilimia 10, hadai chochote, na kampuni ya Mwanza ingelipa milioni 18 nzima. Wanaoumia zaidi ni wanaovuka mstari bila kujua. Duka la pikipiki lililokuwa likiuza taslimu, kisha likaanza kukopesha kwa riba, linaweza kujikuta limeshuka kutoka asilimia 95 hadi 80, na ankara za nje ambazo mwaka jana hazikudaiwa VAT zinaanza kudaiwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchanganya rivasi chaji na kodi ya zuio. Ankara hiyohiyo ya India hukatwa zuio, tuseme asilimia 15, kabla ya malipo kutumwa, lakini hiyo ni kodi ya mapato ya muuzaji, nayo ni habari nyingine kabisa. Mhasibu anatazama taarifa ya benki, anaona zimetoka milioni 85, anapiga asilimia 18 juu yake na kupata milioni 15.3. Amepungukiwa milioni 2.7, kwa sababu thamani ya huduma ni milioni 100, si fedha iliyovuka mpaka. Wengine hufikiri kuwa wakishakata zuio wamemaliza. Mkaguzi huwagundua bila jasho: anachukua orodha ya zuio lililokatwa kwa wageni, anaiweka kando ya ritani za VAT, na kuuliza zilipo ankara hizo.

Kosa jingine ni la tarehe. Kodi haisubiri malipo. Inaanza kudaiwa kwa lile linalotangulia kati ya ankara, malipo na huduma yenyewe, na ritani ya mwezi huo inatakiwa ifike kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Ankara iliyotolewa Machi na kulipwa Juni ni ya Machi.

Mtu wa kawaida anayelipia filamu mtandaoni hajitozi chochote, kwa kuwa hajasajiliwa na hana ritani ya kujaza. Kwake njia ni nyingine: tangu Julai 2022 muuzaji wa nje wa huduma za kielektroniki anatakiwa kujisajili mwenyewe TRA na kutoza VAT, ndiyo maana baadhi ya ada hizo sasa huja na mstari wa kodi ya Tanzania.