Maneno ya wimbo yakija donge moja, unayakataje?

*"Nimebandika maneno ya wimbo yamekuja donge moja, hakuna nukta wala mstari. Nitajuaje ubeti unaishia wapi na kiitikio kinaanzia wapi?"*

Anza na kiitikio, maana ndicho pekee kinachojirudia neno kwa neno. Tuchukue donge hili, lililotungwa kwa mfano tu:

nilipita bandarini usiku wa mbalamwezi nikaona baharini tanga jipya la jahazi rudi nyumbani mpenzi taa imeshazimika x2 barua zako chumbani nazisoma kwa machozi jina lako mdomoni silitaji waziwazi rudi nyumbani mpenzi taa imeshazimika x2

Bonyeza Ctrl+F, andika maneno mawili matatu unayohisi yanarudi, mfano "rudi nyumbani". Yanatokea mara mbili. Sasa soma kutoka hapo kwenda mbele, sehemu zote mbili kwa pamoja, hadi maneno yanapoachana. Hicho ndicho kiitikio. Kitenge kwa mstari mtupu juu na chini.

Ukianza na vina utateleza. Ubeti una kina cha kati "-ni" na cha mwisho "-zi", na "mpenzi" kwa sikio la haraka inafanana na "jahazi", kwa hiyo mtu huiburuta "rudi nyumbani mpenzi" iwe mstari wa tatu wa ubeti.

Kiitikio kikishatoka, vina na mizani hukata vilivyobaki. Hesabu: ni-li-pi-ta-ba-nda-ri-ni, nane, u-si-ku-wa-mba-la-mwe-zi, nane tena. Mstari umetimia, mizani 16. Angalia "m" ya "mdomoni": husimama peke yake, ni mizani moja. Ukiisahau utapata saba na kudhani neno limedondoka.

[Ubeti 1]
Nilipita bandarini, usiku wa mbalamwezi
Nikaona baharini, tanga jipya la jahazi

[Kiitikio]
Rudi nyumbani mpenzi, taa imeshazimika
Rudi nyumbani mpenzi, taa imeshazimika

[Ubeti 2]
Barua zako chumbani, nazisoma kwa machozi
Jina lako mdomoni, silitaji waziwazi

Kisha kiitikio tena. Ile "x2" imeandikwa kwa ukamilifu kwa sababu anayesoma huku akiimba haoni alama ndogo ya pembeni. Kwa karatasi ya kwaya inayojua wimbo, "x2" inatosha, mradi uitumie hivyo mwanzo hadi mwisho.

Mistari ikionekana sawa kwenye Word lakini nafasi kati yake hazilingani, huenda mingine imekatwa kwa Shift+Enter na mingine kwa Enter. Fungua Ctrl+H, tafuta `^l`, badilisha kwa `^p`, halafu weka nafasi ya kabla na baada ya aya kuwa 0.

Bongo fleva yenye kurap haishiki mizani, hivyo hesabu hii haifai huko. Sikiliza wimbo wenyewe, ukate pale msanii anapovuta pumzi.