Saa, wanafunzi na ruzuku: kuandika kazi ya mhadhiri ili kamati na kampuni zote ziielewe

Wasifu wa mhadhiri huwa na vichwa vitatu vinavyofuatana: kozi alizofundisha, wanafunzi aliowasimamia na ruzuku alizopata. Nimesoma wasifu wa namna hii kwa miaka mingi, kwanza nikiwa kwenye kamati za kupandisha vyeo, na baadaye nikiombwa na kampuni kusaidia kuchuja waombaji wanaotoka vyuoni. Tatizo ninalolikuta mara kwa mara ni moja. Vichwa hivyo huandikwa kana kwamba vinahusu watu watatu tofauti, ilhali vyote vinakula muda wa mtu mmoja. Ruzuku ikiingia, sehemu ya muda wa mhadhiri hulipwa na mradi, hivyo kozi hupungua. Fedha hizo hizo hulipa mwanafunzi wa uzamivu, hivyo usimamizi huongezeka. Mradi ukiisha, kozi hurudi. Msomaji asiyeoneshwa uhusiano huu ataona kozi zimepungua kwa miaka kadhaa na kujijazia sababu yake mwenyewe, na mara nyingi sababu hiyo haimfai mhadhiri.

Nitatumia mfano niliotunga, wenye namba rahisi kufuatilia. Mhadhiri wa uhandisi wa mazingira anafundisha kozi mbili kwa mwaka. Kisha taasisi yake inajiunga na mradi wa miaka 4 unaofadhiliwa na mpango wa Horizon Europe wa Umoja wa Ulaya, pamoja na taasisi nyingine tatu.

Tuanze na kufundisha. Kwenye wasifu wake kumeandikwa: “Ubora wa Maji, krediti 6, wanafunzi 120.” Mtu wa chuo ataelewa kiasi, wa kampuni hataambulia kitu. Krediti zenyewe huwapotosha wote wawili. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya, krediti 1 ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi, ikiwemo kujisomea. Krediti 6 ni saa 150 hadi 180 za mwanafunzi, na hazisemi lolote kuhusu saa za mwalimu. Nimewahi kuona waombaji wakizihamisha saa hizo na kuzidai kuwa ni zao.

Saa za mwalimu huhesabiwa hivi. Mihadhara ni saa 2 kwa wiki kwa wiki 14, yaani saa 28. Wanafunzi 120 wamegawanywa katika makundi 6 ya semina, kila kundi saa 1 kwa wiki. Wasaidizi wawili wanachukua makundi 4, mhadhiri anabaki na 2, ambayo ni saa nyingine 28. Jumla yake ni saa 56 darasani. Kusahihisha mtihani kwa dakika 20 kila karatasi ni saa 40 zaidi. Maandalizi ndiyo yanayobadilika sana: kozi inayofundishwa kwa mara ya kwanza hula muda mwingi kuliko ile ya mwaka wa nne mfululizo, kwa hiyo andika kama kozi ni mpya, imeandikwa upya au imerithiwa. Neno hilo moja humwambia mwanakamati mengi kuliko sentensi nzima ya kusifu ufundishaji.

Sasa ruzuku, ambako ndiko kwenye matatizo makubwa zaidi. Tuseme mradi mzima ni wa euro milioni 2. Wengi huandika: “Nimepata ruzuku ya euro milioni 2.” Sehemu ya taasisi yake ni euro 500,000. Ndani ya hizo, euro 400,000 ni gharama za moja kwa moja, yaani mishahara, vifaa na safari. Euro 100,000 zilizobaki ni gharama za jumla za taasisi, ambazo Horizon Europe hulipa kwa kiwango cha asilimia 25 ya gharama za moja kwa moja, ikiwa hakuna kazi iliyotolewa kwa mkandarasi wa nje. Fedha hizo za mwisho huenda kwenye majengo, uhasibu na umeme, na mhadhiri hazigusi. Bajeti aliyoiamua kweli ni euro 400,000 kwa miaka 4, wastani wa euro 100,000 kwa mwaka.

Namba zote hizo ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake. Milioni 2 ni ukubwa wa mradi alioshiriki. Laki 5 ni fedha alizoiletea taasisi, na ndiyo namba kamati ya chuo huitafuta. Laki 4 ni bajeti aliyoisimamia, na ndiyo namba mwajiri wa kampuni anaitaka, kwa sababu anapima kama mtu huyu anaweza kukabidhiwa fedha. Ukiandika milioni 2 peke yake, msomaji wa kampuni atauliza kwenye usaili: “Ulikuwa unaidhinisha nini mwenyewe, na nini ulilazimika kukipitisha kwa mwingine?” Jibu likishuka kutoka milioni 2 hadi laki 4 mbele ya watu, imani haitarudi, hata kama laki 4 zenyewe zilitosha kabisa kwa nafasi aliyoomba.

Baada ya kiasi, nafasi yako katika mradi ndiyo inayofuata kwa uzito. Mratibu wa mradi mzima, mtafiti mkuu katika taasisi yake, kiongozi wa sehemu moja ya kazi na mtafiti mwenza ni vyeo vinne tofauti. Mtu wa nje ya vyuo hatazijua tofauti hizo kwa majina, hivyo ongeza kitenzi: niliandika bajeti, niliajiri, nilisaini ripoti, nilipima sampuli. Tenganisha pia ruzuku ya ushindani na mkataba wa utafiti uliolipwa na kampuni. Chuoni, ruzuku iliyopitiwa na wataalamu wenzako hupewa uzito zaidi. Kwenye kampuni huwa kinyume chake mara nyingi: mkataba wenye tarehe ya kukabidhi na mteja aliyerudi na kazi ya pili unasema zaidi. Maombi ambayo bado hayajajibiwa yaandikwe “yamewasilishwa”, mbali na yaliyokubaliwa. Kuyachanganya na yaliyokubaliwa kwa kuweka jumla moja chini ya jedwali ni udanganyifu, na mwanakamati mwenye kikokotoo huugundua haraka.

Hapa ndipo kozi iliyopotea inapopata maelezo. Horizon Europe huhesabu mwaka wa kazi wa mtu mmoja kuwa siku 215. Mhadhiri wetu ameandikwa kwenye mradi kwa asilimia 20 ya muda wake, yaani siku 43 kila mwaka. Idara yake inakubali kumwondolea kozi moja kati ya mbili kwa miaka yote 4, na mshahara wa siku hizo unatoka kwenye mradi. Asipoandika hivyo, jedwali lake la kozi linaonekana kama la mtu aliyechoka. Akiweka sentensi moja chini ya jedwali, “kozi ya pili ilikabidhiwa mwenzangu kwa miaka 4, asilimia 20 ya muda wangu ikilipwa na mradi”, kamati inajua saa zilikwenda wapi. Mimi hupendelea hata zaidi ya hapo: mstari mmoja wa miaka, na chini yake saa za darasani, idadi ya wanafunzi wa uzamivu na mradi uliokuwapo mwaka huo. Nusu ukurasa unatosha, na sijaona njia iliyo wazi kuliko hiyo.

Kwenye usimamizi, mhadhiri wetu aliandika kwamba amesimamia wanafunzi 9 wa uzamivu. Tukichambua, wanafunzi 3 alikuwa msimamizi wao mkuu: 2 wamehitimu, 1 anaendelea na analipwa na mradi. Wengine 2 alikuwa msimamizi mwenza: 1 amehitimu, 1 aliacha masomo. Wanne waliobaki alikuwa kwenye jopo linalopitia maendeleo yao mara moja kwa mwaka. Kazi ya jopo ni ya maana, lakini si usimamizi. Iwekwe mstari wake. Namba iliyo sahihi ni 5. Kwa kila mmoja andika nafasi yako, mwaka wa kuanza, hali ya sasa, na kama amehitimu, aina ya kazi aliyoingia. Aliyeacha ahesabiwe bila jina wala sababu, kwa kuwa habari zake ni mali yake. Kumfuta kabisa hakusaidii: kamati zina kumbukumbu za usajili, na pengo kati ya waliosajiliwa na waliohitimu huonekana.

Msomaji wa kampuni ana tatizo jingine na neno hili. Kwake, kumsimamia mtu ni kumwajiri, kumpangia kazi, kumtathmini na pengine kumwachisha. Msimamizi wa tasnifu mara nyingi hana mamlaka hayo. Mwanafunzi si mfanyakazi wake, na lengo ni mwanafunzi amiliki kazi yake mwenyewe. Kwa hiyo “niliongoza timu ya watu 9” haikubaliki hata kwa kurekebisha namba. Katika mfano wetu, waliokuwa chini yake kiutumishi ni 2 tu: mwanafunzi wa uzamivu anayelipwa na mradi na fundi wa maabara. Hao waandikwe kama waajiriwa, na iandikwe kwamba yeye ndiye aliyewachagua na kuwatathmini. Wanafunzi wengine wanne kati ya wale 5 aliowasimamia waandikwe kwa kile alichowafanyia: mikutano ya kila wiki mbili, kusoma rasimu, kuamua kama vipimo vinatosha kuandikwa.

Mwishowe mhadhiri huyu anakuwa na maandishi mawili kutoka kumbukumbu moja. Kwa kamati:

“Mratibu wa Ubora wa Maji, kozi ya mwaka wa 3 wa masomo, wanafunzi 120, saa 28 za mihadhara na saa 28 za semina. Kozi ya pili ilikabidhiwa kwa miaka 4, asilimia 20 ya muda ikilipwa na mradi. Msimamizi mkuu wa wanafunzi 3 wa uzamivu (2 wamehitimu), msimamizi mwenza wa 2 (1 amehitimu). Mtafiti mkuu wa taasisi katika mradi wa ushindani wa Horizon Europe wa euro milioni 2. Sehemu ya taasisi euro 500,000.”

Kwa kampuni:

“Kwa miaka 4 nilisimamia bajeti ya euro 400,000 katika mradi wa taasisi nne. Niliajiri na kutathmini watu 2. Niliendesha pia kozi ya watu 120 nikiwa na wasaidizi 2, na niliwafikisha wanafunzi 3 wa uzamivu hadi kuhitimu, 2 kati yao nikiwa msimamizi mkuu.”

Kabla ya kutuma la pili, kuna kazi moja iliyobaki. Kama mradi ulikuwa na kampuni mshirika, fungua mkataba na usome kifungu cha usiri na cha umiliki wa matokeo. Mara nyingi matokeo ni ya taasisi, na jina la mshirika huruhusiwa kutajwa kwa idhini ya maandishi tu. Ukikosa idhini, andika sekta badala ya jina: “mshirika wa sekta ya maji”. Msomaji wa kampuni hatakulaumu kwa hilo. Anatazama pia kama siri zake zitakuwa salama mikononi mwako.