Popo na macho yake

"Popo ni kipofu, ndiyo maana usiku anatumia masikio tu."

NEEMA: Tazama picha hii ya popo mla matunda. Unaona nini?

JUMA: Macho! Makubwa, meusi, yanang'aa.

NEEMA: Na anayategemea kweli. Popo wengi wa aina hii hutafuta njia kwa macho, na tunda lililoiva hulinusa.

JUMA: Na yule mdogo mla wadudu? Macho yake ni kama punje za ulezi.

NEEMA: Naye anaona. Ila mdudu mdogo gizani haonekani vizuri, kwa hiyo popo hutoa sauti na kusikiliza mwangwi wake. Nyingi ya sauti hizo huzidi mitetemo 20,000 kwa sekunde, masikio yetu hayazipati.

JUMA: Akimkaribia nondo?

NEEMA: Milio huongezeka, hata kupita 100 kwa sekunde. Nondo hatulii, na kila mwangwi humwambia popo kahamia wapi.

JUMA: Tuhakikisheje wenyewe?

NEEMA: Jioni wakiwinda, rusha kijiwe kidogo juu, kando yao, usiwalenge. Mara nyingine mmoja hukigeukia ghafla, akakikaribia, kisha akakiacha.