Bei ya kosi ya pikipiki Goma: hesabu kilomita tupu na dakika za kungoja

Motari wengi wa Goma hupanga bei kwa kuangalia kosi inaishia wapi. Birere mpaka Keshero ni kiasi hiki, Katindo mpaka Majengo ni kiasi kile. Mimi kazi yangu ni kuwapangia bei vijana wanaopeleka mizigo ya maduka, na kila ninapofungua daftari la motari mpya naona pesa inavujia palepale: kilomita za kurudi bila mzigo, na dakika za kusimama mlangoni kwa mteja.

Anza na kilomita moja. Kabla ya lolote, kebo ya kilometa iwe inafanya kazi. Pikipiki nyingi hapa imekatika, na bila hiyo unakisia tu. Jaza tangi mpaka shingoni kwenye stesheni, andika namba, fanya kazi zako za kawaida siku mbili, kisha jaza tena mpaka palepale. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza. Siku za kupima usinunue kwa kadafi wa barabarani, maana chupa yake haijai sawasawa kila mara na hesabu itakudanganya. Tuseme umepata kilomita 40 kwa lita, na lita ni faranga 4,000. Kilomita moja inakula faranga 100 za esansi.

Uchakavu unahesabiwa kwa njia hiyohiyo: bei ya kitu, gawanya kwa kilomita kinazodumu. Oili ya 20,000 ukiibadilisha kila kilomita 2,000 ni faranga 10. Tairi la nyuma la 80,000 likidumu kilomita 8,000 ni 10 nyingine. Kinachosahauliwa zaidi ni pikipiki yenyewe. Uliinunua 3,600,000, baada ya kilomita 60,000 utaiuza labda 1,200,000. Tofauti ni 2,400,000, yaani faranga 40 kila kilomita, inayoondoka bila wewe kuona. Cheni, breki, tairi la mbele na kuchomelea weka 20. Jumla ya uchakavu ni 80, na pamoja na esansi ni faranga 180 kwa kilomita. Bei hizi nimezichagua ziwe rahisi kugawanya. Weka za kwako. Na kama kazi yako kubwa iko kwenye vichochoro vya mawe ya volkano, pande za Ndosho kwa mfano, pima huko peke yake. Yale mawe yanakata tairi, na gia ya kwanza na ya pili zinakunywa kuliko kwenye lami.

Sasa dakika. Jiulize siku lazima ilipe nini: pesa ya mwenye pikipiki, makaratasi, parking, vocha ya simu, na chakula cha nyumbani. Tuseme yote ni 30,000. Usigawanye kwa saa zote ulizokaa nje, kwa sababu nyingi umekaa kwenye kituo bila mteja. Gawanya kwa dakika ambazo kweli uko kwenye kazi ya mtu. Zikiwa 400, dakika moja ni faranga 75.

Tuchukue kosi moja. Duka la Birere linakuita, uko kilomita 1 kutoka hapo. Mteja yuko Keshero, tuseme kilomita 6. Unarudi tupu 6 nyingine. Ni kilomita 13, mara 180, sawa na 2,340. Safari yote inachukua dakika 35, ongeza 5 za kupokea na kukabidhi: dakika 40 mara 75 ni 3,000. Jumla 5,340; mwambie 5,500. Yule anayesema "kilomita sita, nipe 3,000" anabaki na 660 kwa kazi ya dakika 40.

Mteja akichelewa kufungua, dakika 5 za kwanza zimo kwenye bei. Baada ya hapo ni 75 kila dakika. Akikuweka dakika 20 zaidi anadaiwa 1,500. Zima injini, na ukifika piga simu ili saa ya kufika ibaki kwenye simu zote mbili. Lakini sharti hili lisemwe kabla ya kuondoka dukani. Ukilitaja mlangoni, mama atasema, "Kaka, hatukupatana hivyo," na atakuwa na haki.

Usipunguze bei kwa kutumaini mzigo wa kurudi. Ukiupata ni faida yako, nayo inafidia siku ya mvua. Ila duka likikupa mzigo wa kurudi kila siku kwa uhakika, hapo kilomita 6 si tupu tena, na kulipunguzia ni halali.

Esansi ikipanda, usiongeze kwa hasira. Lita ikitoka 4,000 kwenda 5,000, kilomita inaongezeka faranga 25. Kosi yetu ya Keshero inapanda 325, si 2,000. Mwonyeshe mteja hesabu hiyo kwenye karatasi; mwenye duka ni mtu wa hesabu pia, na kwa 325 hatatafuta motari mwingine.