Picha ya kupaka rangi si picha iliyotolewa rangi

Mtu anapiga picha kwa simu, anaiondoa rangi, anaongeza ukali mpaka inabaki nyeusi tii na nyeupe pe, kisha anaituma kwenye kundi la wazazi: "Hii hapa, watoto wapake rangi." Mwalimu wa chekechea akiichapisha anapata karatasi iliyojaa wino, na mtoto hana pa kuweka krayoni yake.

Picha ya kupaka rangi ni mchoro wa mistari mitupu. Mistari ni minene, kila umbo limefungwa pande zote, na ndani ya umbo hamna kivuli wala kijivu. Maana yenyewe ni hiyo tu.

Kinachochanganya watu ni vile vichujio vinavyodai kugeuza picha kuwa mchoro. Kichujio cha namna hiyo, kama Edge-Detect ya programu ya kuhariri picha ya GIMP, hakijui jogoo ni nini. Kinachotafuta ni mahali mwanga unapobadilika ghafla, na hapo ndipo kinapoweka mstari. Lakini mwanga hubadilika mahali pengi ambapo hakuna kitu kinachoanza wala kuisha, na mara nyingine haubadiliki hata kidogo pale kitu kinapoishia.

Chukua picha ya jogoo mwenye kifua cheupe, amesimama alasiri mbele ya ukuta wa chokaa. Kifua na ukuta vina weupe uleule, kwa hiyo kichujio hakioni mpaka kati yake, na jogoo anabaki wazi kuanzia shingoni hadi tumboni. Kivuli chake chini, kwa kuwa ni cheusi na kingo zake ni kali, kinachorwa vizuri kuliko yeye mwenyewe, mpaka unadhani wako ndege wawili. Mgongoni kila unyoya umepata vistari vyake, vingi na vyembamba, visivyofunga chochote. Ukivinenepesha vinagandamana na kuwa doa moja jeusi.

Ndiyo maana kazi hii hufanywa kwa kufuatisha kwa mkono. Fungua picha, punguza Opacity yake hadi iwe hafifu, weka tabaka jipya juu yake, kisha chora. Mpaka wa kifua unauchora ingawa hauonekani, kwa sababu wewe unajua kifua kinaishia wapi. Kivuli unakiruka. Manyoya ya mgongo yote yanakuwa umbo moja, bawa umbo la pili, na mkia unatosha kugawanywa vipande vinne au vitano vikubwa. Rangi inapobadilika kweli, kama upanga mwekundu kichwani, hapo unaweka mpaka. Jicho ndilo pekee unaloweza kulijaza weusi. Asiye na kompyuta aibandike picha kwenye kioo cha dirisha mchana, aweke karatasi juu, afuatishe kwa kalamu nene ya wino.

Unene nao una hesabu yake. Kwenye A4 yenye nukta 300 kwa inchi, mstari wa milimita 3 ni brashi ya pikseli 35 hivi, na huo unawafaa watoto wa miaka mitatu au minne. Sasa tazama miguu ya jogoo. Ikiwa kwenye karatasi mguu una upana wa milimita 6, mistari ya pande mbili inakula nusu yake, inabaki milimita 3, na krayoni butu haiingii humo. Basi mguu unaupanua hadi milimita 12 au zaidi, hata kama jogoo wa kweli hana miguu ya namna hiyo. Kufuatisha picha hakukulazimishi kuwa mwaminifu kwake.

Ukimaliza, lifiche tabaka la picha na umwage rangi kwa Bucket Fill ndani ya kila umbo. Rangi ikitoka bawani ikasambaa ukurasa mzima, kuna pengo. Mara nyingi liko pale mstari mmoja unapokutana na mwingine: ncha ya bawa haikufika kwenye mgongo, au ukucha haukufungwa. Rudisha rangi nyuma, refusha mstari uvuke kidogo, jaribu tena. Kisha ondoa rangi zote za majaribio na uhifadhi kwa PNG, maana JPEG huacha vumbi la kijivu pembeni mwa mistari.

Ile ya kwenye kundi la wazazi haina ubaya wowote kama picha nyeusi na nyeupe, na inaweza kupendeza ukutani. Ila kwa ajili ya watoto, hiyo ndiyo ya kuwekwa chini ya karatasi na kufuatishwa. Mchoro wenyewe bado haujaanza.